Bei ya Chupa Ikishushwa: Hesabu za Mwenye Mzani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mzani mtaani: ananunua chupa za maji na soda kutoka kwa waokotaji, anazichambua, anajaza kanta na kupeleka kiwandani au kwa dalali mkubwa. Mara nyingi habari ya bei kushuka humfikia kwa meseji ya mstari mmoja. Wengine hawapati hata meseji, wanaambiwa getini mzigo ukiwa umeshafika. Nitatumia shilingi za Tanzania na hesabu za mfano. Weka bei za kwako mahali pa zangu, kwa sababu kinachohitajika hapa ni njia ya kuhesabu.

Kabla hujashusha bei yako, jua kwanza aliyekushushia ni nani na kwa sababu gani. Wapigie wanunuzi wengine wawili. Kama wao hawajagusa bei, basi tatizo ni la mnunuzi wako: stoo imemjaa, mashine imekufa, au fedha imembana. Hali hiyo huweza kutulia ndani ya wiki chache, na dawa yake ni kuhamisha mzigo. Kama wote wameshusha, sababu iko mbali zaidi na itakaa.

Sababu za mbali ni chache, na mbili zinafaa kuzifahamu. Ya kwanza ni plastiki mpya. Chupa zako zikisagwa kuwa chenga, zinashindana sokoni na plastiki inayotokana na mafuta ya petroli na gesi. Mafuta yakishuka sana, plastiki mpya nayo hushuka, na mwenye kiwanda cha nyuzi au chupa hana haja ya kuhangaika na chenga zenye uchafu. Aprili 2020, wakati wa Korona, bei ya mafuta kwenye soko la Marekani ilianguka hadi chini ya sifuri kwa siku moja. Bei ya kilo mtaani haifuati mafuta kesho yake asubuhi, lakini mafuta yakikaa chini kwa miezi, mnunuzi wako lazima ayasikie.

Ya pili ni dola, na hii huwapita wengi. Mnunuzi anayesafirisha chenga nje analipwa kwa dola, wewe anakulipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia Machi mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Chukua mfano wa tani ya chenga inayouzwa dola 500. Kwa dola ya 160, kila kilo inaleta shilingi 80; kwa dola ya 130, inaleta 65. Mteja wa ng'ambo hajapunguza hata senti moja, ila kilo imepoteza shilingi 15 za Kenya. Kwa hiyo shilingi ikisifiwa redioni kwamba imeimarika, mwenye mzani ana sababu ya kushika kalamu.

Bei inayotajwa na bei unayolipwa

Si kila punguzo huja na jina la punguzo. Wapo wanunuzi wanaoacha bei ilivyo na kuongeza makato: asilimia ya maji, asilimia ya uchafu, asilimia ya chupa za rangi. Ukisikiliza bei tu, utadhani mambo ni yaleyale.

Tuseme mzani wako ulisoma kilo 620 ulipopakia. Mzani wa kiwanda ukasoma 605, kisha wakakata asilimia 8. Zimebaki kilo 556 na ushee. Kwa bei ya 600 unatoka na karibu 334,000. Gawanya hela hiyo kwa kilo 620 ulizopakia, unapata kama 539. Hiyo ndiyo bei yako, na ile 600 ni ya kutangazia. Mnunuzi wa pili anakupa 560 tu, ila hana makato na mzani wake umesoma 610. Huyo anakulipa 341,600, yaani 551 kwa kila kilo uliyopakia. Mwenye bei ndogo ndiye aliyekulipa zaidi. Andika namba hii kwenye daftari kila safari: hela iliyoingia mkononi, gawanya kwa kilo zilizotoka kwako. Baada ya safari tano au sita utaona makato yanapoanza kupanda, na mara nyingi hupanda kabla bei haijatangazwa kushuka.

Soko likiwa na njaa, kiwanda hupokea karibu kila kitu. Soko likishiba, kinaanza kuchagua, na hapo uchafu uliopita mwezi jana unarudishwa leo. Kinachorudishwa kwa haki zaidi ni chupa za PVC zilizochanganyika na za PET. PET huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 250 na zaidi, na PVC haifiki huko salama: inaungua, inakuwa nyeusi na kuchafua mzigo mzima. Kuitambua si kazi ngumu. Geuza chupa uangalie kitako. Ya PET huwa na nundu ndogo katikati, ya PVC huwa na mstari wa kuunganishia. Ikunje kwa nguvu: PVC inaacha alama nyeupe kwenye kunjo. Kama pembetatu ya chini inasomeka, 1 ni PET na 3 ni PVC. Mfundishe hili anayekuchambulia, na chupa za mafuta ya kula uziweke kwenye kiroba chake, kwa sababu ule utelezi unahamia kwenye nyingine.

Hesabu irudi nyuma

Wenye mizani wengi hupanga bei ya kununua kwa kumwangalia jirani: fulani ananunua 300, nami ninunue 300. Siku bei ya kiwanda inaposhuka, wote wanasubiriana nani aanze kushusha, na wakati huo kila kilo inayoingia inakuja na hasara. Anza na bei ya kuuza, utoe gharama moja baada ya nyingine, na kinachobaki ndicho kikomo chako cha kununulia.

Twende na kilo 100 zilizonunuliwa kwa 300 kila moja. Hizo ni 30,000. Katika kilo 100, weka kilo 7 zinazopotea: maji yaliyobaki ndani, mchanga, lebo, vifuniko, makato ya getini. Unauza 93. Kiwanda kinalipa 600, unapata 55,800. Kanta unaikodi kwa 90,000 na inabeba kilo 600 za chupa zilizokanyagwa kwa miguu, hivyo kila kilo inakula nauli ya 150. Kwa kilo 93 ni 13,950. Uchambuzi ni 3,000, na kodi ya eneo pamoja na viroba na kamba ni 2,500. Jumla ya gharama ni 49,450, na umebaki na 6,350.

Sasa kiwanda kimeshusha hadi 480. Kilo 93 zinaleta 44,640. Gharama hazijasogea, kwa hiyo umepoteza 4,810 katika kila kilo 100, na kadiri unavyonunua kwa bidii ndivyo mtaji unavyoyeyuka. Wengi wanachofanya hapo ni kumsukumia mwokotaji karibu punguzo lote: kiwanda kimetoa 120, nami natoa 100, nanunua 200. Kwenye karatasi faida inarudi, karibu 5,190. Mtaani hairudi. Mwokotaji anayeleta kilo 25 kwa siku alikuwa anaondoka na 7,500. Kwa bei ya 200 anaondoka na 5,000, na kilo moja ya chupa za nusu lita ni kuinama mara 50 au zaidi. Ataziacha chupa mtaroni atafute makopo, maboksi au kibarua, na wewe utabaki na mzani usio na cha kupima.

Rudi uangalie ile orodha ya gharama, utaona kilichonenepa ni nauli. Kanta yako haikubeba plastiki, ilibeba hewa. Gari la tani tatu lililoondoka na kilo 600 limeondoka karibu tupu, na ulilipa kama limejaa. Chupa zikibanwa ziwe marobota, gari hilohilo linaweza kuchukua kilo 1,800 kwa 90,000 ileile. Nauli ya kilo inashuka kutoka 150 hadi 50. Kubana kuna gharama zake za nguvu kazi na waya, tuziwekee 30 kwa kilo.

Piga upya: nunua kwa 250, yaani 25,000. Nauli 4,650. Kubana 2,790. Uchambuzi 3,000, kodi na viroba 2,500. Jumla 37,940. Mauzo kwa bei mpya ni 44,640. Unabaki na 6,700. Kiwanda kimekupunguzia 120, mwokotaji umempunguzia 50 tu, na faida imezidi kidogo ile ya kwanza. Nimerudia hesabu hii kwa sura nyingi, na karibu kila mara jibu linaangukia palepale: kwa chupa, pa kujiokolea ni kwenye nauli kabla ya kwenda kwenye mfuko wa mwokotaji.

Kuna masharti. Uliza kwanza kama mnunuzi anapokea marobota, maana wapo wanaotaka kuona chupa zikiwa wazi, na robota moja likikutwa na uchafu katikati, wanaweza kukukatia mzigo mzima. Fungua vifuniko kabla ya kubana, la sivyo hewa inabaki ndani, chupa zinavimba tena na waya unakatika. Vifuniko vyenyewe ni plastiki ya aina nyingine. Ukivitia kwenye ndoo ya maji vinaelea wakati plastiki ya chupa inazama. Viweke kando uviuze na plastiki ngumu. Ama mashine ya kubania, usiinunue kwa mkopo wakati bei iko chini. Mkubaliane wenye mizani watatu au wanne muichangie au mumlipe aliye nayo kwa kilo. Mkiwa pamoja mnajaza pia gari kwa siku mbili badala ya wiki, na jambo hilo lina uzito wake kwa sababu inayofuata.

Mzigo uliolala

Siku ya meseji una kilo 1,500 uwanjani ulizonunua kwa 300. Moyo unasema zikae, bei itarudi. Tuliangalie hilo bila huruma.

Ulichokwisha kulipa kimekwenda, iwe utauza au hutauza. Swali ni hela itakayotoka kuanzia leo. Ukiuza leo kwa 480 na nauli ya 150, kila kilo 93 zinakuletea 30,690 taslimu. Hela hiyo inatosha kuzungusha karibu kilo 80 nyingine kwa bei mpya, na kwa hesabu ile ya marobota mzunguko mmoja wa kilo hizo unaacha kama 5,400. Ukizungusha mara moja kwa wiki, wiki nne ni kama 21,600. Sasa ngoja hizo wiki nne huku mzigo umelala, na tuseme una bahati, bei imerudi yote hadi 600. Umepata nyongeza ya 120 kwa kilo 93, yaani 11,160. Ndoto yako imetimia na bado umepitwa na aliyeuza kwa hasara siku ya kwanza.

Hesabu hiyo inashika pale tu ambapo chupa za kununua zipo na mnunuzi anapokea. Kama kiwanda kimefunga geti kabisa, kusubiri si uamuzi wako tena. Hapo punguza kununua, usijaze uwanja kwa sababu tu unawaonea aibu waokotaji. Chupa zilizokaa miezi juani zinakauka na kuanza kupasuka, vumbi linaingia, masika yanajaza maji, na uwanja wa plastiki ni hatari ya moto kwako na kwa jirani. Alumini haiozi, kwa hiyo kama kuna kitu cha kulaza, ni makopo ya bia na soda na masufuria mabovu. Bei yake inafuata Soko la Metali la London na unaweza kuichungulia kwa simu. Lakini chuma chakavu kina sheria zake na kinahitaji kibali. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo na miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na ikachukua miezi kufunguliwa tena. Aliyekuwa ameficha mtaji wake wote humo alikaa akiuangalia.

Utakachowaambia waokotaji

Usimsubirishe mtu afike na kiroba mgongoni ndipo umwambie. Akigundua kwenye mzani, anaona umemwibia, hata kama umesema kweli. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo mama. Bei leo imekaaje?"

"Marahaba mwanangu. Leo bado mia tatu. Jumatatu ni mia mbili hamsini, kiwanda kimeshusha."

"Na zile nilizolaza nyumbani?"

"Zilete kabla ya Jumapili, nazipima kwa bei ya zamani. Ila mwisho kilo thelathini."

Ule mwisho wa kilo thelathini usiusahau. Ukitangaza bei ya zamani bila kikomo, kesho litakuja guta lenye mzigo wa mzani wa jirani ambaye ameshashusha. Wakija waokotaji 20 na kilo 30 kila mmoja, tofauti ya 50 inakugharimu 30,000. Ni hela, lakini ni ndogo kuliko kuwatafuta watu 20 wapya.

Yaandikwe kabla ya kupakia

Kilichobaki ni kati yako na mnunuzi. Usipakie bila meseji yenye vitu vitatu: bei ya kilo, makato, na siku ambayo bei hiyo inaisha. Muulize waziwazi: bei ni ya siku ya kupakia au ya siku ya kupima? Akisema ya kupima, foleni ya siku mbili getini inaweza kukukuta na bei nyingine, na hapo dereva anadai hela ya kulala huku mnunuzi akijua huwezi kurudi na mzigo. Kama hataki kuandika, peleka gari dogo kwanza, kirikuu kimoja, uone anavyopokea.

Jihadhari zaidi na hela ya kianzio. Mnunuzi akikupa 600,000 mapema wakati bei ni 600, wewe unajihesabia deni la kilo 1,000. Bei ikishuka hadi 450, deni la shilingi ni lilelile ila sasa ni kilo 1,333. Umelipa riba ya kilo 333 bila neno riba kutajwa, tena aliyeshusha bei ndiye anayekudai. Kianzio kikubali kwa kilo: mwandikiane kwamba hela hii ni ya kilo 1,000 na ukizifikisha deni limekwisha, bei iwe imepanda au imeshuka. Bei ikipanda utaziachia kwa bei ya zamani, na hilo ulikubali mapema. Mnunuzi akikataa sharti hilo, chukua kianzio cha gari moja tu, ukimalize, ndipo mzungumze kingine.

Na wewe ukiwakopesha waokotaji wako, waandikie kwa kilo vilevile.